Ubeti Mmoja kwa Zamu ya Usiku

Mipango mingi ya kusoma vitabu kwa mwaka imetungwa na watu wanaolala usiku. Wanagawa mwaka kwa miezi, mwezi kwa wiki, wiki kwa kurasa, na wanadhani Jumanne ya leo ina saa zilezile za Jumanne iliyopita. Muuguzi wa wodi hana Jumanne. Ana asubuhi, ana jioni, ana usiku, ana ofu, na siku hizo hubandikwa ukutani kwenye rosta ambayo inchaji anaweza kuibadilisha kwa simu moja ya saa 12 asubuhi.

Wifi yangu ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali ya mkoa huko pwani. Aliniomba nimpangie vitabu 12 kwa mwaka, vya hadithi na visivyo vya hadithi, na kimoja kigumu cha kale ambacho, kwa maneno yake, “watu husema wamekisoma”. Nilikubali kwa sharti kwamba vitabu vya kazi visihesabiwe. Mafunzo endelevu yanayodaiwa wakati wa kuhuisha leseni yana muda wake, na mwongozo wa tiba haujawahi kumfurahisha mtu kitandani.

Jambo la kwanza nililomwambia halikumpendeza. Kitabu kitakachovunja mpango huu hakitakuwa kile kigumu, bali riwaya nzuri, nene, yenye wahusika wengi, atakayoianza kwa shauku Januari, aiache ukurasa wa 90 zamu za usiku zinapoingia, kisha airudie baada ya siku tisa akiwa hajui tena nani ni mke wa nani. Kitabu kigumu cha kale, kikichaguliwa vizuri, ndicho pekee kinachostahimili maisha ya zamu, kwa sababu kiliundwa vipande vipande tangu mwanzo.

Hesabu kwanza, kisha vitabu. Nimechukua wastani wa kurasa 190 kwa kitabu, na kitabu kimoja kwa mwezi. Katika rosta yake, wiki moja ya kila mwezi huwa ya usiku, zamu saba mfululizo, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 2 asubuhi. Wiki hiyo naifuta. Mtu aliyetoka kuhesabu matone ya dripu za watoto wanane hadi alfajiri, halafu akakabidhi zamu kwa wenzake akiwa amesimama, hasomi riwaya, anageuza kurasa. Jambo jingine ni kwamba ofu ya kwanza baada ya usiku si ofu, ni deni la usingizi. Naifuta nayo.

Zinabaki wiki tatu. Ndani yake anapata kwa uhakika ofu mbili za kweli, zile ambazo hakuna msiba, harusi wala kikao cha kikundi. Katika kila moja akisoma kurasa 40 kwa mikao miwili, asubuhi na jioni, amemaliza 80. Zimebaki 110, ambazo nimezigawa kwa jioni kumi baada ya zamu ya asubuhi, kurasa 11 kila jioni. Kwa mwendo wa dakika mbili kwa ukurasa, mwendo wa mtu asiyekimbizwa, hiyo ni dakika 22. Zamu ya jioni, inayomfikisha nyumbani saa 3 usiku, sikuihesabia chochote. Akisoma siku hizo ni ziada, wala asiidai.

Miezi 11 imepewa kitabu chake kwa hesabu hii. Mwezi mmoja niliuacha mtupu kwa makusudi, nao ni Juni. Masika yakishapita, mbu wanakuwa wengi, na wodi ya watoto pwani inajaa malaria hadi vitanda vinachukua wagonjwa wawili wawili. Mpango wowote unaodai kitabu mwezi huo umeandikwa na mtu asiyeijua wodi hiyo. Juni ni ya kumalizia viporo vya Mei, au ya kutosoma kabisa. Wifi yangu aliuliza kama kwa hiyo vitabu ni 11. La, cha 12 hakina mwezi. Kimepewa zile wiki za usiku nilizozifuta, na ndicho kile kigumu.

Nilipima vitatu kabla ya kuchagua. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, una beti zaidi ya elfu moja. Ni vita virefu, na mtu anayeusoma kwa vipande atasahau jeshi lipi liko wapi. Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, ni kitabu chembamba sana, na wembamba wake umewadanganya wengi. Ugumu wake ni wa kuzama, maana msomaji huingia katika ndoto na hawezi kutoka katikati ili kumwekea mtoto kanula kisha arudi palepale. Kinahitaji mkao mmoja mrefu na akili isiyochoka, bidhaa mbili ambazo wodi haitoi.

Kilichobaki ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Ina beti zisizofika 80. Kila ubeti una mistari minne. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne hubeba kina kinachorudi utenzi mzima. Kila ubeti una wazo lililokamilika au picha iliyokamilika. Basi, zamu saba za usiku kwa mwezi, mara miezi 11 isiyo ya likizo, ni usiku 77. Ubeti mmoja kwa kila zamu unamfikisha mwisho au karibu na mwisho, na moja au mbili zikibaki atazimalizia likizoni. Sikuitafuta hesabu hiyo. Ilijitokeza yenyewe, na nimeamua kutoichunguza sana.

Ubeti hausomwi wodini. Unasomwa nyumbani saa 12 jioni, baada ya kuoga na kabla ya kuvaa sare, mara mbili kwa sauti. Kisha anatoka. Katika daladala hakuna cha kusoma, kuna cha kukumbuka, mistari minne tu. Asubuhi akirudi, kabla ya kulala, anaufungua tena mara moja na kusoma maelezo ya mhariri. Ule usiku wa katikati umefanya kazi ambayo mwanafunzi wa chuo huifanya kwa wiki nzima ya maktaba, kwa sababu maneno magumu hufunguka yakirudiwa kichwani zaidi ya yanavyofunguka yakikodolewa macho.

Ugumu wa Al-Inkishafi ni wa aina tatu, na kila mmoja una dawa yake. Wa kwanza ni lahaja. Utenzi ni wa Kaskazini, wa Pate na Lamu, na msomaji aliyekulia Tanga au Morogoro ataona maneno anayoyajua yamevaa nguo nyingine. Nilimwandikia ndani ya jalada ufunguo mfupi: macho huwa mato, chini huwa tini, njia huwa ndia, maji huwa mai, moja huwa moya. Halafu kuna vitenzi vya zamani ambavyo hubeba habari ya wakati mwishoni badala ya “me” ya mwanzoni. Ukishaviona mara tano huvioni tena kuwa vigeni. Mtu akikwama baada ya hapo, mara nyingi amekwama kwenye ugumu wa pili, yaani maneno na marejeo ya Kiarabu na ya dini. Wifi yangu ni Mlutheri. Dawa yake imo kwenye rosta ileile: mwenzake wa zamu alisoma madrasa hadi alipoingia sekondari, na saa 10 usiku wodi ikitulia, swali moja juu ya jina moja la moto wa Jehanamu ni mazungumzo bora kuliko kulalamikia posho.

Ugumu wa tatu ndio watu huusahau, nao ni kutojua Pate ilikuwa nini. Leo ni kisiwa chenye magofu katika visiwa vya Lamu. Katika karne ya 18 ulikuwa mji wa wafanyabiashara na washairi, wenye nyumba za mawe ambazo kuta zake zilichongwa vidaka vya kuwekea vyombo vya kauri kutoka Uchina. Baada ya vita vya Shela, vilivyopiganwa karibu mwaka 1812, nguvu yake ilivunjika. Mtunzi aliuona mwisho huo. Ndiyo maana katikati ya utenzi anauambia moyo wake uingie katika nyumba hizo uone walioketi humo wamekwenda wapi na nani sasa anakaa vyumbani mwao: popo na wadudu. Msomaji asiyejua kwamba nyumba hizo zilikuwepo kweli, na kwamba baadhi ya waliotajwa humo walikuwa watu wa mji wa mtunzi, ataisoma sehemu hiyo kama mahubiri ya Ijumaa. Akijua, anaisoma kama orodha ya majirani.

Mgawanyo wa usiku una athari ambazo ni afadhali azijue mapema. Beti kama kumi za mwanzo ni kumsifu Mungu na Mtume na kueleza nia ya kutunga. Kwa hiyo Januari yote na sehemu ya Februari atakuwa bado mlangoni, na ni hapo wengi huamua kwamba utenzi hauna kitu. Lawama kwa moyo zinaanza baada ya hapo na kuendelea hadi katikati ya mwaka, na magofu yanafuata, kipindi ambacho wodi yenyewe imefurika. Jehanamu iko mwishoni, inaangukia Oktoba na Novemba. Nilimshauri kwamba usiku ambao mtoto amefariki mikononi mwake, kesho yake asifungue beti za moto. Arudie ubeti wa nyuma wowote anaoupenda na asonge mbele usiku unaofuata. Mtunzi alikuwa akiuonya moyo wake mwenyewe, hakuwa akizungumza na mama aliyekaa kwenye benchi la nje.

Akitaka nakala, anayotafuta ni Tenzi Tatu za Kale, iliyohaririwa na M. M. Mulokozi na kutolewa na TUKI mwaka 1999. Al-Inkishafi imo humo pamoja na maelezo, na pembeni yake umo Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na mama aliyekuwa mgonjwa kwa ajili ya binti yake. Huo ni mwepesi zaidi, na sikuufanya kuwa kitabu kigumu kwa sababu hiyo. Lakini kama kuna mtu atakayeusoma na kujiuliza mgonjwa alikuwa na nini, na nani alimgeuza kitandani, ni muuguzi.

Sasa vile 11. Januari amepewa Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, hadithi ya upelelezi iliyoshinda mashindano ya uandishi kabla ya kuchapishwa mwaka 1960. Bwana Msa anavuta kiko chake Unguja, anafikiri, na wengine wanachelewa kuelewa. Mwaka unafaa kuanza na kitabu kinachokulazimisha kugeuza ukurasa. Wanaoanza na kitabu kizito Januari huwa na ujasiri wa Krismasi, na ujasiri huo hauvuki tarehe 15. Februari ni Wasifu wa Siti binti Saad wa Shaaban Robert, kitabu kifupi cha maisha ya mwimbaji aliyetoka Fumba, akauza vyungu mjini, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Februari ina siku 28 na kitabu kinatosha.

Machi ni Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ, Msenegali, katika tafsiri ya Kiswahili. Mjane aliye katika eda anamwandikia rafiki yake, na sura ni fupi fupi, kwa hiyo mtu akikatizwa hakatiwi katikati ya jambo. Mume wa msimulizi amekufa ghafla kwa moyo. Wifi yangu, nikimjua, atasimama hapo kutafakari kama alicheleweshwa kufikishwa hospitali. Namruhusu. Aprili ni Utubora Mkulima, Shaaban Robert tena, kwa sababu mvua zimeanza na mtu anayeacha kazi ya mjini akalime Busutamu ni ndoto ya kila mtumishi anayesubiri malimbikizo ya mshahara.

Mei nimeweka tamthiliya, Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969. Kuna watakaosema tamthiliya si kitabu kamili. Waje washike zamu Mei. Inasomeka kwa jioni mbili, na kwa muuguzi ina swali lenye uzito wake: watu walipewa maji wakaambiwa yatazuia risasi, wakaamini, na imani hiyo iliwaunganisha makabila kwa makabila katika vita vya mwaka 1905 hadi 1907 hata pale maji yaliposhindwa. Kila anayegawa dawa wodini ameiona imani ya namna hiyo, katika pande zote mbili za sindano.

Julai na Agosti nimezifunga pamoja, na hapa ndipo mpango unapopata faida ambayo kitabu kimoja kimoja hakileti. Julai ni maisha ya Tippu Tip kwa maneno yake mwenyewe, Hamed bin Muhammed el Murjebi, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyefariki Unguja mwaka 1905. Anasimulia misafara yake ya bara kama mtu anayesoma daftari la mali: tulikwenda, tulipigana, tulipata pembe kadhaa. Hana haya wala majuto. Ni kitabu kisicho cha hadithi, na ndicho nilichotarajia ang'ang'anie kukikataa. Agosti ni Peponi ya Abdulrazak Gurnah, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Humo msafara kama ule unaonekana kutoka chini, kwa macho ya Yusuf, mtoto aliyewekwa rehani kwa mfanyabiashara ili kulipia deni la baba yake.

Ukisoma Peponi peke yake unapata riwaya nzuri. Ukiisoma wiki chache baada ya Tippu Tip unaanza kusikia wale ambao mzee yule hakuwapa nafasi hata ya sentensi moja: wapagazi, watoto wa rehani, wanawake wa ndani. Kwa hiyo asibadilishe utaratibu, hata kama Peponi itapatikana kwanza. Ni sehemu pekee ya mpango ambayo nilikataa kujadiliana naye. Alisema, “Wifi, mimi nimezoea kupokea amri za dozi, lakini za hadithi bado.” Nikamwambia hii ni dozi.

Agosti ndipo pia hatari niliyoitaja mwanzoni inapoanza, kwa sababu Peponi ina wahusika wengi na safari ndefu. Dawa niliyompa aliijua kabla yangu, ila hakuwahi kuitumia nje ya wodi. Hakuna muuguzi anayeondoka bila kukabidhi zamu: mgonjwa ni nani, amefanyiwa nini, nini kinasubiriwa. Basi kila anapofunga kitabu anaandika mistari mitatu kwa penseli kwenye kadi iliyomo ndani yake: nani yuko wapi, kimetokea nini, ninasubiri nini. Anajikabidhi mwenyewe. Akirudi baada ya wiki ya usiku hasomi upya kurasa 90, anasoma kadi. Ugonjwa huu una dalili mbili zinazofanana lakini tiba zake ni tofauti. Akisoma ukurasa uleule jioni tatu mfululizo na hakumbuki kitu, huo ni uchovu, afunge alale. Akiuelewa ukurasa lakini hawatambui watu waliomo, hilo ni pengo la siku, na kadi inalitibu. Wengi huchanganya haya mawili na kuhitimisha kwamba kitabu ni kibaya.

Septemba ni Ua la Faraja ya William Mkufya, na nilisita sana. Ni riwaya nene kuhusu watu walioguswa na ukimwi. Hoja ya kuiacha ni rahisi: nani anarudi nyumbani kutoka wodini ili asome habari za wagonjwa? Hoja ya kuibakiza ni mwaka wake. Ilitoka mwaka 2004, mwaka uleule ambao Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo katika mpango wa taifa. Wifi yangu aliingia kazini miaka kadhaa baadaye. Anawajua watoto wanaoletwa kuchukua dawa zao na kurudi shule. Hakuijua wodi ambamo kazi ya muuguzi ilikuwa kumsindikiza mgonjwa tu. Kuna wauguzi wakubwa kazini kwake ambao hawaizungumzii miaka ile, na riwaya inazungumza. Ila hiki ndicho kitabu pekee nilichokiwekea ruhusa ya kukatishwa. Akifika robo na kuona analala vibaya, akirudishe rafuni na kuchukua chochote chepesi, wala asimalizie kwa ajili yangu. Kichwamaji ya Kezilahabi niliiacha nje kabisa kwa sababu ya namna hiyo: ni riwaya kubwa, lakini inakwenda mahali ambapo mtu aliyetoka zamu mbaya hapaswi kupelekwa bila kuulizwa.

Oktoba ni Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapwa Göttingen mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, ingawa sehemu kubwa ni ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo aliyefundisha Kiswahili Berlin. Tahajia ni ya zamani na nakala ya karatasi ni adimu, lakini kimeshapita umri wa hakimiliki na picha za kurasa zake zinapatikana bure mtandaoni, kwa hiyo kitasomwa kwenye simu. Huyu ndiye mwandishi ambaye muuguzi wa watoto atamsoma vizuri kuliko mhadhiri. Anaeleza mimba, uzazi, malezi, maradhi na uganga wa pwani kama vilivyokuwa zaidi ya miaka mia moja iliyopita, bila kumcheka mtu. Bibi anayefika wodini akamfunga mjukuu uzi kiunoni huku dripu inaendelea hakuanza jana. Nilimwambia asikisome mfululizo, achague sura za uzazi na maradhi kwanza; zile za kodi na madaraka ya majumbe zinaweza kusubiri mwaka mwingine au kutosomwa kamwe.

Novemba ni Nasikia Sauti ya Mama, tawasifu ya Ken Walibora, Mkenya, ambaye Kiswahili chake kinakimbia bila kuonyesha jasho. Sina mengi ya kusema juu yake isipokuwa kwamba baada ya beti za Jehanamu mtu anahitaji sauti ya binadamu.

Desemba ni likizo, inchaji akipenda. Siku 28 za mwaka huombwa na wodi nzima kwa mwezi huohuo. Riwaya nene nyingine nimeiweka hapa kwa sababu likizoni hakuna wiki ya usiku ya kuikata vipande: Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999, Unguja ya miaka ya mapambano dhidi ya ukoloni, na Yasmin anayetoroka ndoa ya kulazimishwa. Likizo ikihamishiwa Agosti, kitabu kihame nayo, na jozi ya Tippu Tip na Peponi isogee mbele miezi miwili ikiwa bado imefungana. Kinachofuata likizo ni riwaya. Kinachofuata usiku ni utenzi. Vingine vyote vinaweza kubadilishana nafasi bila kumuudhi mtu.

Kuhusu kuvipata, si lazima avinunue vyote. Vilivyo vya mitaala ya shule hupatikana kwa wauza vitabu wa mitaani kwa bei ya nauli ya kwenda kijijini. Vya zamani aviulizie maktaba ya mkoa kabla ya kuagiza Dar es Salaam, na aviulizie miezi miwili kabla, maana barua ya kuazima ina mwendo wake. Vuta N'kuvute anayo tayari. Aliinunua kidato cha sita, akajibia mtihani dhamira na wahusika wake kwa msaada wa notsi za mwalimu, na mpaka leo kurasa za baada ya sura ya pili ni safi kabisa, hazina hata alama ya kidole.